Kubisha hodi kwenye kiitikio: mwongozo kamili wa fili zisizovunja mdundo

Dada mmoja alikuja kurekodi wimbo ambao kiitikio chake kilianza na neno "Nirudie". Biti niliitengeneza mimi, na nilikuwa nimeridhika nayo. Akakosea kuingia mara tatu mfululizo. Mara ya nne akavua hedfoni, akaniambia: "Kaka, pale kabla ya kiitikio sijisikii. Ni kama mvua kwenye bati."

Nilitaka kumwambia azoee. Kisha nikasikiliza ile baa ya mwisho ya vesi peke yake. Nilikuwa nimeijaza sneya 16, zote kwa nguvu moja, na kiki nimeiondoa ili "kujenga presha". Presha ilijengeka kweli, ila mdundo uliokuwa unatembea tangu mwanzo ulifika pale ukasimama, na silabi zake mbili za kwanza zikazama chini ya sneya. Kosa lilikuwa langu.

Kazi ya fili, yale mapigo ya drams yanayouvusha wimbo kutoka vesi kwenda kiitikio, ni kubisha hodi. Msikilizaji ajue kuna mlango mbele na mwimbaji apate pa kupita, huku mguu wa anayecheza usikatike. Hapa chini nauchukua wimbo uleule na kuonyesha jinsi nilivyoiandika upya ile baa moja. Nilitumia FL Studio, lakini hatua ni zilezile kwenye programu yoyote, na mpiga drams wa bendi au kwaya atazitumia pia.

Wimbo wenyewe

Mwendo ni BPM 96, mapigo manne kwa baa. Kwa mwendo huo pigo moja huchukua sekunde 0.625 na baa nzima sekunde 2.5. Vesi ina baa 16, kiitikio baa 8. Tukiigawa baa katika hatua 16, nne kwa kila pigo, mdundo wa vesi unakuwa hivi:

```
Pigo      1    2    3    4
Haihati   x.x. x.x. x.x. x.x.
Sneya     ...x ..x. ...x ..x.
Kiki      x... x... x... x...
```

Huu ni mdundo unaousikia kwenye zouk na kwenye nyimbo nyingi za Bongo Fleva. Kiki inatembea sawasawa, hatua ya 1, 5, 9 na 13. Sneya inaivuta pembeni, hatua ya 4, 7, 12 na 15. Hesabu kuanzia hatua ya 1 utaona hatua tatu, tatu, mbili, kisha tena tatu, tatu, mbili. Hesabu hiyo ndiyo inayotikisa kiuno, na tutairudia.

Anza na mdomo wa mwimbaji, siyo na drams

Wengi huanza kwa kuuliza fili iwe ya aina gani. Mimi sasa naanza kwa kuuliza: neno la kwanza la kiitikio linaangukia wapi?

Kiswahili kina tabia inayomgusa moja kwa moja anayetengeneza biti. Mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Nirudie" hutamkwa ni-ru-DI-e. Mwimbaji akiwa huru ataiweka DI kwenye pigo la kwanza la kiitikio, kwa kuwa ndiyo silabi nzito. Kwa hiyo "ni" na "ru" hazimo kwenye kiitikio kabisa. Zimo kwenye baa ya mwisho ya vesi, mahali palepale tunapopenda kumwaga fili.

Chukua maneno mengine uone. "Mama" ni MA-ma, halina silabi ya kutangulia, kwa hiyo baa ya mwisho ya vesi ni yako yote. "Mpenzi" linatanguliza moja, ile m ya mwanzo. "Nakupenda" linatanguliza mbili, "usiniache" tatu, "sitakusahau" nne. Kadiri neno linavyorefuka ndivyo mwimbaji anavyoingia mapema, na ndivyo nafasi yako inavyopungua.

Usiishie kwenye karatasi, maana melodia ina uwezo wa kusogeza mkazo, na wapo waimbaji wanaopenda kuchelewa kidogo baada ya pigo la kwanza. Rekodi sauti ya majaribio, hata kwa simu, huku biti ikienda bila fili yoyote. Kisha iweke kwenye mradi na utazame kila silabi iko hatua ya ngapi. Kwa yule dada, "ni" ilikuwa hatua ya 13, "ru" hatua ya 15, DI hatua ya 1 ya kiitikio. Pigo lote la nne lilikuwa lake.

Hapo nikapata mpaka: fili iishe hatua ya 12. Fili nyingi hushindwa kwa sababu mtu huichagulia mahali pa kuanzia, kisha inaishia popote itakapoishia. Weka mwisho kwanza, halafu urudi nyuma kutafuta mwanzo.

Tafuta nguzo ambazo hutazigusa

Jambo la pili ni kujua mdundo umesimama juu ya nini. Funga kila kitu, bakisha drams, kisha funga chombo kimoja kimoja cha drams huku ukipiga makofi. Kwenye wimbo huu, nikiondoa haihati bado nacheza. Nikiondoa sneya nabaki na kiki tupu, mwendo upo lakini ladha imekwenda. Nikiondoa kiki ladha ipo, lakini mguu hauna pa kukanyaga.

Kwa hiyo nguzo ni mbili, kiki na zile sehemu za tatu-tatu-mbili. Haihati ni pambo, hiyo naruhusiwa kuivunja. Sheria niliyojiwekea ni kwamba kiki inaendelea ndani ya fili, na pigo lolote la nguvu ndani ya fili lianguke kwenye nguzo.

Hapo ndipo ile mvua kwenye bati ilipoharibu. Sneya 16 zenye nguvu sawa hazina nguzo yoyote. Sikio lilikuwa linasubiri hatua ya 12 na ya 15 zisikike tofauti na jirani zake, likakuta zote ni moja. Hata ungezigawa kwa makundi ya nne-nne, kama fili nyingi za roki zinavyofanya, bado ungekuwa unapigana na mdundo wako mwenyewe. Kwenye roki sneya inakaa pigo la 2 na la 4, kwa hiyo nne-nne inaingia vizuri. Huku kwetu inasikika kama mtu aliyevamia foleni.

Andika fili

Nafasi iliyobaki inaishia hatua ya 12. Nguzo zilizo karibu ni hatua ya 7, 9 na 12. Nikaamua fili iondokee kwenye ile sneya ya kawaida ya hatua ya 7, ambayo sikio linaifahamu, ipite kwenye tomu, na itue kwenye sneya ya hatua ya 12, ambayo nayo sikio linaifahamu. Katikati ndiyo habari mpya.

```
Pigo         1    2    3    4
Haihati      x.x. x.x. .... ....
Sneya        ...x ..x. ...X ..x.
Tomu ndogo   .... ...o X... ....
Tomu kubwa   .... .... .oo. ....
Kiki         x... x... x... x...
```

Herufi X ni pigo la nguvu, x la kawaida, o la chini. Ukiitazama kwa haraka utasema fili yenyewe ni ndogo mno. Ni mapigo manne tu ya tomu. Lakini isikilize. Haihati inanyamaza kuanzia pigo la tatu, na kunyamaza huko peke yake kunamwambia msikilizaji kwamba kuna jambo. Tomu inashuka kutoka ndogo kwenda kubwa, sneya ya 12 inagonga kwa nguvu kuliko sneya zote za vesi, kisha kiki moja, "ni", sneya moja, "ru", na tumeingia. Sneya ya hatua ya 15 imebaki pale ilipokuwa tangu mwanzo wa wimbo. Kwa hiyo fili inakwisha kabla baa haijakwisha, na mdundo unakuwa umesharudi barabarani kiitikio kinapofika.

Uiandike kwenye nakala ya paterni ya vesi, siyo juu ya ile ya asili. Nakala inakuachia kiki na sneya zikiwa mahali pake, na unachofanya ni kuongeza tomu na kufuta haihati. Ukianza na paterni tupu utasahau nguzo moja, mimi nimesahau mara nyingi.

Nguvu ya kila pigo

Fili iliyoandikwa vizuri ikiwa na Velocity moja kwa kila noti bado itasikika kama taipureta. Kipimo kinakwenda hadi 127. Sneya ya kawaida ya vesi nilikuwa nimeiweka 95. Ndani ya fili, tomu ya hatua ya 8 nikaipa 55, ya 9 ikawa 100, ya 10 ikawa 60, ya 11 ikawa 70, halafu sneya ya 12 ikapanda hadi 112. Sneya ya 15 nikaishusha hadi 80, kwa sababu pale "ru" inapita.

Namba hizo si amri, kwani kila sampuli ya tomu ina sauti yake. Cha kushika ni umbali kati ya pigo la nguvu na la chini. Ukiwa mdogo, tuseme 90 kwa 100, sikio halitatofautisha. Punguza sauti ya spika hadi usikie kwa mbali: yanayobaki kusikika yawe ni hatua ya 9 na 12. Ukisikia mfululizo usio na kilele, ongeza umbali.

Kama mdundo wako una swingi, tomu nazo ziwe na swingi ileile. Kosa hili hujificha. Kiki na haihati zinayumba vizuri, tomu mpya zimekaa kwenye mistari kama askari wa gwaride, na mtu anasema "fili haikai" bila kujua kwa nini.

Kisha ijaribu kwenye simu. Spika za simu hazitoi sauti za chini sana, na wasikilizaji wengi watausikia wimbo huko kwanza. Fili iliyojengwa juu ya tomu kubwa tupu itapotea, wabaki na shimo. Ile sneya ya hatua ya 12 ndiyo inayoiokoa hii yetu.

Pigo la kwanza la kiitikio

Kawaida ni krashi pamoja na kiki. Ni sahihi, lakini kumbuka DI ipo hapohapo. Krashi yenye nguvu 127 iliyowekwa katikati itaila herufi d, na mstari utasikika "niru-ie". Nikaishusha hadi 100, nikaisogeza upande wa kulia kidogo, na nikakata sauti zake za chini zilizokuwa zinagombana na kiki.

Jambo jingine hapa hupitwa sana. Fili ikishatangaza, lazima kuwe na kitu cha kutangazwa. Ikiwa kiitikio kina haihati ileile, kwa nguvu ileile, msikilizaji atahisi amefunguliwa mlango akakuta chumba kilekile. Kwenye wimbo huu haihati ya kiitikio nikaiacha wazi kidogo na nikaongeza kayamba kila hatua. Fili haikuhitaji kuongezwa hata pigo moja, na bado mlango ulionekana mpana zaidi.

Kunyamaza nako ni hodi

Kuna siku fili bora ni kufuta. Toa kiki na besi kwenye pigo la tatu na la nne, bakisha sneya za hatua ya 12 na 15 zikiwa chini. Mguu wa mchezaji unaendelea kwa mazoea, unakanyaga hewani, na kiki ikirudi pamoja na krashi inahisi nzito kuliko ilivyo.

Ina mpaka wake. Kwenye BPM 96 ukimya wa mapigo mawili ni zaidi kidogo ya sekunde moja, na kwa masikio yangu hapo ndipo pa kusimama. Baa nzima ya ukimya, sekunde 2.5, watu wanaanza kutazamana. Na kamwe usitoe vyote. Kiki ikiondoka, sehemu za tatu-tatu-mbili zibaki. Zikiondoka hizo, kiki ibaki. Zikiondoka zote mbili, hayo si mapito tena, wimbo umesimama.

Kwa anayepiga drams zenyewe

Fili hiyo inapigika bila shida. Kwenye hatua ya 7 mkono wa kulia uko haihati na wa kushoto uko sneya. Hatua ya 8 kulia kwenye tomu ndogo, 9 kushoto, 10 kulia kwenye tomu kubwa, 11 kushoto, 12 kulia kwenye sneya. Mguu wa kulia hauachi kiki. Mguu wa kushoto ukanyage haihati hatua ya 9 na 13, ili pawe na alama ndogo mahali mikono ilipoondoka.

Ugonjwa wa mpiga drams ni kukimbia. Mikono ikiacha haihati, kile kilichokuwa kinaupima muda kimeondoka, na furaha ya kiitikio inamsukuma. Dawa niliyofundishwa na fundi mmoja mzee wa bendi ni kupiga baa tatu za mdundo na baa moja ya fili, kwa mzunguko, huku kliki ikiwa imefungwa kwenye baa ya fili tu. Kliki ikirudi, utajua papo hapo kama umewahi au umechelewa. Tengeneza hivyo kwenye programu yoyote: weka kliki kama sampuli, futa baa ya nne, zungusha. Anzia BPM 80. Ukiweza mizunguko kumi bila kuachana na kliki, panda kidogo.

Ukijirekodi, vuta karibu uone krashi ya kiitikio imeangukia wapi. Ikiwahi mstari kwa milisekunde 10 sitaigusa. Ikiwahi kwa 40, waimbaji wataanza kulalamika bila kujua wanalalamikia nini. Na ukiirekebisha, rekebisha fili nzima kuanzia hatua ya 7, maana ukisogeza krashi peke yake utaacha pengo kati yake na sneya ya mwisho.

Kila kiitikio na hodi yake

Wimbo huu una viitikio vitatu. Cha kwanza nilikipa ile fili niliyoichora. Cha pili nikatumia ukimya wa mapigo mawili. Fili kubwa ukiitumia mara ya kwanza, mara ya tatu huna kitu mkononi.

Cha tatu kilileta kazi. Dada yule, akiwa amechangamka, akaongeza neno na kuimba "Basi nirudie". Sasa silabi zinazotangulia zikawa nne, ba, si, ni, ru, na zikakaa hatua ya 9, 11, 13 na 15. Nusu nzima ya baa ikawa yake. Fili yangu ya tomu ingegonga juu ya "basi" yote.

Sikumwomba alitoe neno. Nikaisogeza fili nyuma, kwenye nguzo za nusu ya kwanza ya baa, ambazo ni hatua ya 4 na ya 7:

```
Pigo         1    2    3    4
Haihati      x.x. .... .... ....
Sneya        ...X ..X. ...o ..o.
Tomu kubwa   .... oo.. .... ....
Kiki         x... x... .... ....
```

Sneya ya 4 inafungua, tomu mbili za chini zinaunganisha, sneya ya 7 inafunga. Baada ya hapo kiki na besi zinaondoka, na "basi nirudie" inapita ikiwa na sneya mbili za chini tu, 12 na 15, chini ya sauti yake. Aliingia safari ya kwanza, tukaibakiza hiyohiyo.